Namba ya NIDA inasema nimezaliwa 7 Aprili, bima wanasema 4 Julai, halafu mimi ndo nikarekebishe?!

Wakuu habari zenu, leo nimetoka kwenye ofisi ya kampuni moja ya bima (siitaji) nikiwa na hasira mpaka nikapitiliza kituo. Nimepeleka kleimu, yule dada wa kaunta akaangalia skrini akaniambia tarehe ya kuzaliwa kwenye hati ya bima haiendani na kitambulisho, hivyo kleimu haiendi popote. Naangalia hati yao, imeandikwa nimezaliwa 4 Julai 1988. Mimi nimezaliwa 7 Aprili 1988, kitambulisho kinasema hivyo, cheti cha kuzaliwa kinasema hivyo, na namba yenyewe ya NIDA inaanza na 19880407.

Sasa jamani, hiyo si inasomeka? Tarakimu nne za mwanzo mwaka, 1988. Mbili zinazofuata mwezi, 04, Aprili. Mbili baada ya hapo siku, 07. Kistari kinakuja baada ya hizo nane, yaani wamekukatia kabisa tarehe ikae peke yake, na hizo kumi na mbili zinazobaki hazikuhusu kama unachotafuta ni tarehe. Mimi kwenye fomu yao sikujaza tarehe kabisa, niliweka namba tu na tarehe ikajijaza yenyewe. Namwambia hivyo ananijibu "kaka, mfumo unasoma kwenye namba, kwa hiyo kama ni makosa yako kwenye namba, nenda karekebishe ulikojiandikishia". Nirekebishe nini sasa?? Kilichonimaliza ni hiki, shemeji yangu kakata bima siku hiyo hiyo kaunta hiyo hiyo, yake inaanza 19880423 na hati yake iko sawa kabisa, 23 Aprili. Dada akanionyesha hiyo kama ushahidi kwamba mfumo hauna shida, shida ni mimi.

Kuna mtu yamemkuta haya?

Kobe_Mbio: Pole mkuu. Hawa wamezoea. Mimi najua namba za taifa zote duniani zinasomwa tarakimu sita za mwanzo, mwaka mwezi siku, hata Afrika Kusini iko hivyo. Kwa hiyo labda mfumo wao unachukua sita badala ya nane.

fundi_data: @Kobe_Mbio Afrika Kusini umepatia, namba yao ina tarakimu 13 na sita za kwanza ni mwaka mwezi siku, ila mwaka ni tarakimu mbili tu, ndo maana 25 pale inaweza kuwa mtoto wa 2025 au babu wa 1925. Ila sio "zote". Rwanda kwenye tarakimu 16 wanaweka mwaka mzima kuanzia tarakimu ya pili, mwezi na siku hamna. Poland aliyezaliwa kuanzia 2000 mwezi wake unaongezwa 20, Aprili inaandikwa 24, usipojua utasema namba feki. Ya kwetu ndo rahisi kuliko zote hizo, mwaka umekamilika.

Na kwa mleta mada, mfumo ungekuwa unachukua sita tu usingepata 4 Julai. Namba yako wameikata vizuri kabisa, nina uhakika kama asilimia 90. Kilichotokea ni hivi: hatua ya kwanza imekata nane ikaandika 07/04/1988, siku mwezi mwaka kama tunavyoandika sisi. Halafu hayo maandishi yamepelekwa kwenye programu nyingine iliyosetiwa kimarekani, ambako mwezi unatangulia. Ikasoma mwezi wa 7, siku ya 4. Haikupiga kelele kwa sababu 4 Julai ni tarehe halali.

mleta mada: Sasa shemeji je?

fundi_data: Shemeji ndo ushahidi wako wewe, sio wao. Yake iliandikwa 23/04/1988, kimarekani huo ni mwezi wa 23, haupo. Hapo programu ama inakataa na mhudumu anajaza kwa mkono, ama inageuza yenyewe na kusoma 23 kama siku. Vyovyote inatoka sawa. Ndo maana mtu aliyezaliwa kuanzia tarehe 13 hawezi kuliona hili tatizo maisha yake yote. Wanaoumia ni wa tarehe 1 mpaka 12, ukitoa wale ambao siku na mwezi vinafanana kama 0505. Piga hesabu: tarehe 12 mara miezi 12 ni 144, toa 12, zinabaki 132. Zaidi ya theluthi ya mwaka hiyo, na hakuna hata mmoja anayepewa ujumbe wa kosa.

Shemeji_wa_Taifa: Muulize yule dada kama shemeji yako alijaziwa kwa mkono, atakumbuka.

mama_Neema: Jamani na mimi nisaidieni, yangu inaanza 19790101 kwa sababu baba alikumbuka mwaka tu wakati najiandikisha, baadaye tukapata kadi ya kliniki inasema ni Septemba. Nikibadilisha tarehe na namba inabadilika au inabaki? Maana benki, laini ya simu, kila kitu kiko kwenye hiyo.

Kobe_Mbio: Inabaki dada, jirani yangu alibadilisha ikabaki.

Mzee Kipara: Binti yangu yeye alipewa mpya. Mama Neema usiguse chochote mpaka uwaulize wenyewe, tena wakuandikie.

otieno_wa_mtaa: Kwani nyinyi mtu akiona ID number yako anajua umri? Huku Kenya ID yetu ni namba tu, haina birthday ndani. Hiyo yenu siwezi peana ovyo bana.

juma_naitaka: Habari, mimi sijapata namba yangu tangu nijiandikishe, naipataje kwa simu?

fundi_data: @juma_naitaka fungua uzi wako mkuu, huu ni wa kusoma tarehe.

Mleta mada, waambie IT wao wasipitishe tarehe kama maandishi ya kukisia. Kama wanatumia Eksel, namba ikiwa A2 wafanye hivi:

```
=DATE(MID(A2,1,4),MID(A2,5,2),MID(A2,7,2))
```

Hiyo inaambiwa mwaka ni upi, mwezi upi, siku ipi, haikisii. Na A2 lazima iwe maandishi. Wakiiingiza kama namba bila vistari, Eksel inashika tarakimu 15 tu, tano za mwisho zinageuka sifuri. Ukiona hati yako namba inaishia 00000, jua imepita huko.

mleta mada: Nimeangalia, yangu inaishia vizuri, ila tarehe ndo hiyo. Nimempigia dada, amekubali kwamba ya shemeji "iligoma" akaandika mwenyewe. Bado anasema nilete barua ya kuthibitisha tarehe. Barua ya nini wakati kitambulisho anacho mkononi??

bibi_hesabu: Mimi 19910305, nina bima tangu mwaka juzi na sijawahi kuisoma hati. Ngoja niitoe kabatini.

bibi_hesabu: Imeandikwa 3 Mei. Aisee.

mleta mada: Kampuni gani? Njoo inbox.