Beringi za mota zinakufa kila baada ya miezi michache tangu tufunge inveta, naombeni ushauri

Fundi_wa_Chini: Wakuu, salaam. Nahudumia chumba cha mitambo cha hoteli moja hapa Dar, kiko chini kabisa ya jengo, ukigeuka vibaya unagonga bomba. Kuna pampu 3 za maji baridi ya viyoyozi, kila moja mota ya kilowati 30. Zamani zilikuwa zinawashwa kwa sta-delta na beringi zilikaa miaka. Mwaka jana tukafunga inveta 3. Tangu hapo pampu ya 1 nimebadilisha beringi mara mbili, ya 2 mara moja, ya 3 mara moja. Sensa ya presha nayo imeingiwa na pepo: maji yametulia lakini yenyewe inasoma baa 1.8, mara 3.1, na inveta zinapanda na kushuka kwa kuifuata. Naomba mnielekeze duka linalouza beringi orijino, nadhani nauziwa feki. Ijumaa meneja ananiita ofisini.

Kipanga_Buguruni: Feki zimejaa mjini, mkuu. Mimi Noah yangu nilifunga beringi ya tairi la mbele asubuhi, jioni inalia kama mbuzi wa sikukuu. Siku hizi nanunua zilizotumika za Japani tu.

Mzee_wa_Grisi: Kijana, ninyi mnatia grisi mpaka beringi inatapika. Ikijaa sana inapata joto na kujimaliza yenyewe. Ulipoifungua grisi ilikuwa na rangi gani?

Fundi_wa_Chini: Shikamoo mzee. Nyeusi kama masizi ya chungu, na niliitia miezi miwili tu nyuma. Kipimo nafuata cha kwenye kibati cha mota.

Binti_Ampea: Grisi ya miezi miwili haiwi masizi kwa sababu ya duka. Kaka, kutoka inveta hadi mota umepitisha kebo gani?

Fundi_wa_Chini: Kebo nzuri dada, shaba tupu, milimita 16. Nimeipima insulesheni iko safi. Hapo hakuna shida.

Binti_Ampea: Sijauliza unene. Ni kebo moja yenye wavu wa shaba kuzunguka nyaya zote, au ni nyaya moja moja? Imepita wapi? Na waya wa sensa umepita wapi?

Kipanga_Buguruni: Dada anauliza kama polisi wa trafiki 😂

Fundi_wa_Chini: Chumba ni kidogo jamani. Kuna tranki moja ya plastiki ukutani, kila kitu kimepita humo.

Binti_Ampea: Hujajibu swali la kwanza.

Fundi_wa_Chini: Sawa. Ni nyaya moja moja. Kwenye kotesheni ilikuwa kebo ya wavu, lakini kwa wakati ule mjini haikupatikana ya urefu wetu, na kazi ilikuwa na tarehe. Umeme ni umeme, mota zinazunguka vizuri. Waya wa ardhi wa mota nimeufunga kwenye bomba kubwa la maji, ni chuma nene kuliko waya wowote. Na wala sikuja hapa kuulizwa kotesheni. Nimeshalipia nusu ya beringi zenye gololi za kauri, zinatoka nje ya nchi. Umeme haupiti kwenye kauri, kwa hiyo tatizo limekwisha. Nataka tu kujua kama bei niliyopewa ni sawa.

Mama_Hesabu: Kwa hiyo mwenye hoteli alilipia kebo ya wavu akafungiwa nyaya za tranki. Chenji iko wapi? Tuanzie hapo kabla ya beringi.

Mwenge_Sta_Delta: Tusimsulubu mwenzetu. Dawa ni ndogo: chimbia fimbo mbili za shaba nje ya jengo, vuta waya mnene mpaka kwenye mota. Ardhi ikiwa nzuri, umeme wote wa ovyo unashuka chini.

Binti_Ampea: Mwenge, fimbo inafaa kwa radi na kwa usalama wa watu. Huu umeme hauna shughuli na udongo. Inveta inachukua volti 400 za mtandao, inazigeuza kuwa moja kwa moja, kama volti 560, kisha inazikatakata. Ukipima kutoka katikati ya hizo 560, kila fezi inaruka kutoka hasi 280 hadi chanya 280 na kurudi, maelfu ya mara kwa sekunde. Umeme wa kawaida wa fezi tatu ukiujumlisha unapata sifuri. Huu haujumliki kuwa sifuri hata dakika moja, kwa sababu kila fezi iko juu au chini, hakuna katikati. Kila mruko unasukuma umeme kidogo kutoka kwenye koili kwenda kwenye mwili wa mota, na umeme huo unataka kurudi inveta ulikotoka. Ukiuwekea wavu unaokumbatia nyaya, unarudi kimya kimya humo humo. Usipouwekea, unajitafutia njia: bomba, fremu ya pampu, waya wa sensa.

Rota nayo inachajika kupitia uwazi mwembamba ulio kati yake na koili. Shafti inaelea juu ya utando wa grisi, volti zinapanda, utando unapasuka, cheche inaruka kwenye gololi. Kila cheche inayeyusha kitundu kisichoonekana kwa jicho. Masizi uliyoyaona ndiyo hayo.

Mzee_wa_Grisi: Hapo nimejifunza. Ila kipimo cha grisi nacho kizingatiwe.

Mpunga_Kahama: Sasa nimeelewa kwa nini mashine yetu ya kukoboa ikiwashwa, redio ya mlinzi inakoroma kuanzia habari hadi michezo! Fundi alituambia ni mnara wa simu. Mlinzi kahamishia redio chini ya mwembe, na hataki kurudi getini.

Fundi_wa_Chini: Dada nakuheshimu, lakini kama beringi ni ya kauri cheche itapita wapi?

Binti_Ampea: Kwenye beringi hiyo haitapita. Lakini chaji iko palepale kwenye shafti, itatafuta mlango mwingine, na mlango ulio karibu ni koplingi na beringi za pampu. Tena sensa yako haitapona hata kidogo, maana kelele inapita kwenye tranki, siyo kwenye beringi. Inveta umeiweka ikate mara ngapi kwa sekunde?

Fundi_wa_Chini: Ilitoka kiwandani ikiwa kilohezi 4. Wageni wa ghorofa ya kwanza wakalalamika mlio mwembamba kama mbu, nikapandisha hadi 8. Mlio ukaisha.

Binti_Ampea: Na cheche ukazipa nafasi mara mbili zaidi.

Tomaso_Asiyeamini: Wakuu, nimesoma uzi wote na hii ni chai, tena ya rangi. Chumba cha namna hii kina pampu mbili za kazi na moja ya akiba. Jamaa anasema ya 3 nayo imekufa. Fundi_wa_Chini, pampu ya 3 huwa inazunguka?

Fundi_wa_Chini: Ya 3 ni ya akiba. Inawashwa ya 1 au ya 2 ikiharibika.

Tomaso_Asiyeamini: Si nimesema! Inveta yake imesimama, haikati kitu, hakuna volti kwenye shafti. Umeme gani umekula beringi ya mota iliyolala? Ama huyu ni mwanafunzi anatafutiwa majibu ya mtihani, ama kuna mtu anatangaza kebo. Dada na Fundi hata uandishi wao unafanana.

Kipanga_Buguruni: Nimeweka kiti, nasubiri karanga.

Mama_Hesabu: Mimi hata kama ni ya kutunga bado naidai chenji.

Binti_Ampea: Tomaso, swali lako ni zuri kuliko tuhuma zako. Fundi, beringi za zamani unazo? Kata pete ya nje kwa grainda, osha kwa petroli nje, mbali na moto, tazama njia ya gololi kwa tochi ya pembeni. Hesabu alama za mota ya 1, kisha za mota ya 3. Usituambie unavyodhani, tuambie idadi.

Fundi_wa_Chini: Nimerudi. Nilizikuta kwenye ndoo ya vyuma chakavu, namba ni 6312 zote. Ya mota ya 1: njia ya gololi ina mistari ya kukatisha kama bati la paa. Imebanana, ukipitisha ukucha unasikia krrr. Kwenye sentimita 3 nimehesabu mistari 14. Ya mota ya 3 haina bati. Ina madoa mekundu ya kutu kavu yaliyoachana mbali, nafasi sawasawa. Nimezunguka pete nzima, yako 8.

Mzee_wa_Grisi: 6312 ina gololi 8.

Binti_Ampea: Asante mzee. Ya 1 imeliwa na umeme. Ya 3 haijaguswa na umeme: imesimama miezi, jirani zake wanatikisa sakafu, na kila gololi imesagasaga pale pale ilipolala. Kebo haitaitibu hiyo. Badilisheni zamu kila wiki, ya akiba nayo ifanye kazi.

Tomaso_Asiyeamini: Sawa, 8 hiyo si rahisi kuitunga. Naondoa neno chai. Ila ya 2 hajaikata.

Fundi_wa_Chini: Ya 2 niliitupa. Sasa nianze na lipi? Fedha ya kebo za pampu zote sina.

Binti_Ampea: Anza na lisilo na gharama. Vuta waya wa muda wa sensa, ulaze sakafuni mbali na tranki, washa pampu ya 1 usome. Usomaji ukitulia, umepata jibu bila shilingi. Wa kudumu upitishe angalau sentimita 30 mbali na nyaya za mota, na pakilazimu kukatiza, ukatize kwa pembe mraba. Rudisha kilohezi 4, wageni wavumilie mbu.

Kisha kebo ya wavu kwa pampu ya 1. Wavu uishie kwenye glendi ya chuma inayoubana mzunguko mzima, upande wa inveta na upande wa mota. Usiusokote ukawa mkia wa panya na kuufunga kwenye skrubu, kwa umeme wa kasi hii mkia huo ni kama haupo. Kwangua rangi ya paneli pale glendi inapokaa, rangi haipitishi. Waya wa ardhi utoke kwenye bomba uingie ndani ya kebo. Ukitaka kuongeza kitu kwenye mota, tafuta pete ya nyuzi inayogusa shafti, uifunge kabla ya kufikiria kauri.

Mwenge_Sta_Delta: Na fimbo zangu?

Binti_Ampea: Weka, hazitakudhuru.

Fundi_wa_Chini: Mrejesho. Waya wa sensa sakafuni: 2.4, 2.4, 2.5, imetulia tuli. Jumamosi usiku nikafunga kebo ya pampu ya 1. Glendi ya upande wa mota ilinitesa, kisanduku cha nyaya kina tundu dogo, nilikesha nikilikuza kwa faili. Beringi bado inalia.

Mzee_wa_Grisi: Italia tu, bati limeshachorwa. Badilisha.

Fundi_wa_Chini: Zile za kauri zimefika bandarini, wanataka nusu iliyobaki. Nizichukue nifunge pampu ya 1, au nifunge za kawaida na ile pete ya nyuzi?

Tomaso_Asiyeamini: Za kawaida. Baada ya miezi mitatu ikate moja, utuletee idadi ya mistari.

Kipanga_Buguruni: Mimi ningefunga za kauri, hela imeshatoka.

Mama_Hesabu: Ijumaa ilipita. Meneja ulimwambia nini kuhusu kebo?

Fundi_wa_Chini: Nilimwambia ni beringi feki.