Mjadala: Mkutano wa wazazi shuleni, uvae nini uheshimike bila kuonekana umetoka harusini?

Mama wa Umoja
Habari zenu. Jumamosi saa tatu asubuhi nina mkutano wa wazazi wa Gredi ya 8, na ukiisha naenda moja kwa moja Gikomba kwa kibanda changu cha viatu. Shule imeandika tu, "wazazi wavae kwa heshima." Nina suti nyeusi ya sketi niliyokuwa nikivaa ofisini zamani, gauni refu la kitenge nililoshonewa harusi ya dada yangu, jinzi isiyochanika, na dera. Pesa niliyotenga ni shilingi 1,000. Nivae nini? Na je, ni haki mzazi kurudishwa getini kwa sababu ya nguo? Mwaka jana niliona mama mmoja akirudishwa.

Baba wa Pipeline
Suti, mama. Vaa nzima, koti na sketi. Hakuna askari wa geti anayemsimamisha mtu wa suti, na hata mwalimu mkuu anakusalimia tofauti. Mimi nilikuwa na Kaunda suti nzuri sana lakini siivai tena shuleni tangu serikali ipige marufuku.

Fundi wa Kenyatta Market
Baba wa Pipeline, kwa askari umesema kweli. Kwa hilo la Kaunda suti, hapana. Aliyeikataza ni Spika Wetang'ula, Novemba 2023, na ilikuwa ndani ya Bunge tu. Rais mwenyewe alikuwa akiivaa na mafundi tulishona nyingi kwa sababu yake. Itoe kabatini uivae.

Sasa nirudi kwa mama. Watu wengi huchagua nguo ya mkutano wakiwa wamesimama mbele ya kioo, ilhali mkutano wenyewe utaukalia. Tena mara nyingi utaukalia kwenye dawati la mtoto, magoti yakiwa juu kuliko kiuno. Kwa hivyo kabla ya lolote, chukua ile suti, vaa sketi yake, ukae kwenye kigoda cha jikoni. Sketi iliyonyooka hupanda ukikaa kwa sababu nyonga huvuta kitambaa. Ile inayofunika goti vidole vinne ukiwa umesimama, ikipanda hadi juu ya goti kwenye kigoda, utashinda mkutano mzima ukiivuta. Hapo ndipo mtu huonekana hana raha, na wenzake wanafikiri nguo ni fupi kumbe shida ni kwamba imebana.

Sketi za ofisi pia huwa na mpasuo nyuma. Ukikaa hauonekani, lakini ukipanda matatu au ukiinama kutia sahihi kwenye daftari la mahudhurio unafunguka. Mwambie fundi wa mtaa wako aushone kidogo kuanzia juu, kama inchi 2, asiufunge wote maana hutaweza kupanda gari. Kazi hiyo kwangu ni shilingi 100. Kama sketi inabana nyonga, tazama ndani ya mishono ya pembeni. Suti nyingi za zamani huachiwa kitambaa cha akiba, na fundi anaweza kuipanua bila alama kuonekana.

Koti liache. Kwanza, ukivaa vyote viwili utaonekana umekuja kuhojiwa kazi, na bado una siku nzima Gikomba. Pili, sketi hufuliwa mara nyingi kuliko koti, kwa hivyo weusi wake umefifia. Ziweke pamoja juani uone. Ndani ya nyumba zinafanana, nje zinaachana. Sketi peke yake na blauzi ya rangi moja, ya pamba au viskosi, yenye mikono ya kufika kiwikoni, inatosha. Toi au hapo hapo Gikomba utapata nzuri kwa shilingi 150 hadi 300 ukienda mapema. Ishike juu ya mwanga kabla hujalipa. Ukiona vidole vyako kupitia kitambaa, na sidiria itaonekana.

Julai Nairobi asubuhi ni baridi, kwa hivyo ongeza sweta ya vifungo. Ile ya kuvalia kichwani ukiivua ukumbini inavuruga nywele na kola.

Mama wa Umoja
Asante fundi. Nimekaa kwenye kigoda, sketi imepanda hadi juu ya goti kama ulivyosema. Na kwenye makalio inang'aa, sijui ni uzee?

Fundi wa Kenyatta Market
Hiyo ni pasi, au kukaliwa sana. Kitambaa cheusi chenye polista kikipigwa pasi moto moja kwa moja kinalala na kung'aa. Igeuze ndani nje, tandika kitambaa cha pamba chenye unyevu juu yake, upige pasi ya moto wa wastani. Mng'ao utapungua, lakini ulioletwa na kuungua hautoki. Ukibaki, chagua sweta ndefu ya kufika nyongani, inafunika sehemu hiyo.

Mzazi wa Kahawa West
Naunga mkono kabisa. Sare zimekuwa ghali mno, sweta moja tu ya shule na wanataka tununue kwa duka wanalotaka wao. Mtoto angeruhusiwa kuvaa sweta yoyote ya rangi ile.

Mwalimu wa Kasarani
Mzazi wa Kahawa West, hoja yako ni nzito lakini hapa tunazungumzia nguo za wazazi, si za wanafunzi. Ilete mkutanoni kwenu.

Nimeketi upande ule mwingine wa meza kwa miaka mingi, kwa hivyo niseme tunachokiona. Mzazi akija mezani tuna dakika chache za kuangalia alama za mtoto, na wengine hamsini wako kwenye foleni. Siwezi kukumbuka rangi ya blauzi ya mtu. Ninachokumbuka ni mzazi aliyevaa miwani ya jua ndani ya darasa nikashindwa kujua kama ananisikia, na yule mwenye marashi makali hadi dirisha likafunguliwa kwenye baridi. Na ninakumbuka watoto. Mtoto wa Gredi ya 8 anamwona mzazi wake kutoka mbali, na macho yake yanatazama wenzake kwanza. Anaona haya mzazi akija na nguo ya kulalia, na anaona haya vile vile mzazi akija na gauni la kumetameta na kilemba kikubwa, kwa sababu wenzake wote wanageuka. Mama, kitenge cha harusi kiache nyumbani. Kikifika chini kitafagia vumbi la uwanjani, na kama kuna hema na viti vya plastiki, kitakanyagwa.

Mpwani wa South C
Mbona dera limetajwa halafu hakuna aliyeligusa? Mimi nimezaliwa Mombasa. Kwetu mama akivaa dera safi, mtandio kichwani na viatu vizuri, amejisitiri kuliko huyo wa sketi ya kushonwa mpasuo. Linafunika, halibani, ukikaa kwenye dawati halipandi. Kwa kipimo cha fundi mwenyewe, dera linashinda. Kwa nini Nairobi liwe nguo ya nyumbani tu?

Fundi wa Kenyatta Market
Kwa kipimo cha kukaa, dera linashinda, nakubali bila ubishi. Shida ni kwamba madera mengi yanayouzwa Nairobi ni mepesi, mwanga wa mlango ukiwa nyuma yako umbo lote linaonekana. Ukivaa na shimizi ya ndani na mtandio, mimi sina neno.

Mwalimu wa Kasarani
Hapa naona tofauti. Wazazi wengi wa Nairobi wanalivaa dera wakifua na kupika, na mtoto anayajua madera ya mama yake. Mtandio hautamfanya alisahau.

Mpwani wa South C
Basi tatizo ni mazoea ya Nairobi, si heshima. Semeni hivyo. Na tukikubali mazoea yawe sheria ya geti, mama zetu wa Pwani wanaoishi Majengo na Eastleigh watarudishwa kwa nguo wanazoendea matangani na kwa wakwe zao.

Kijana wa boda, Kawangware
Mimi namsimamia mdogo wangu yuko Gredi ya 6, wazazi hawapo. Nikienda mkutano nimetoka kazini na jaketi la kung'aa la boda na buti. Sina muda wa kurudi nyumbani kubadilisha. Je, ni kukosa heshima?

Mwalimu wa Kasarani
Hapana, kijana wangu. Jaketi na kofia ya chuma viache kwa pikipiki au kwa askari, ndani vaa shati lenye kola na suruali ya kitambaa, futa matope kwenye buti. Dakika tano zinatosha. Na ukifika mezani, jitambulishe kwamba wewe ndiye mlezi, maana wengine watadhani umetumwa tu kuchukua ripoti.

Mzazi wa Lang'ata
Swali la pili la mama limepita kimya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi. Uanachama unatoka kwa mtoto, hautoki kwa sketi. Ukimrudisha mzazi getini, umemnyima kusikia kuhusu karo na masomo ya mwanawe, na pengine amelala na njaa kulipia nauli. Hapa Nairobi tunajua jambo hili linafika wapi. Novemba 2014 wanawake waliandamana kutoka Uhuru Park kwa sababu wanaume walikuwa wakiwavua wenzao nguo stejini, wakisema zimekaa vibaya. Simaanishi askari wa shule ni kama wale. Ninamaanisha mwanamume mmoja hafai kusimama mlangoni akipima magoti ya wanawake.

Baba wa Pipeline
Lakini shule ina watoto wa miaka kumi na tatu. Mzazi akija na kaptura fupi, tuseme nini? Mwalimu anawafukuza watoto kwa sababu ya sare kisha mzazi apite vivi hivi?

Mzazi wa Lang'ata
Mpe leso ajifunge, aingie. Shule inunue mbili tatu ziwe getini.

Mama wa Umoja
Yule mama wa mwaka jana ndivyo alivyofanyiwa mwanzoni, alipewa leso. Alikataa kwa sababu ilikuwa chafu na imevaliwa na watu wengi, na wazazi wengine walikuwa wakimtazama. Ndipo akarudi. Kwa hivyo sijui kama leso ya geti ni msaada au ni adhabu nyingine.

Mwalimu wa Kasarani
Hilo limenigusa, maana sisi pia tunazo na sijawahi kuuliza nani anazifua. Kwetu nitapendekeza askari asiamue chochote kuhusu nguo, amwandikishe kila mzazi na kumpitisha, na kama kuna neno, mwalimu wa kike amwambie mzazi faraghani baada ya mkutano. Sijui kama mwalimu mkuu atakubali. Wazazi wengine ndio wanaolalamika kwake zaidi kuliko sisi.

Baba wa Pipeline
Na mimi ni mmoja wao, nasema wazi. Lakini faraghani baada ya mkutano ninaweza kuikubali.

Mpwani wa South C
Na dera?

Baba wa Pipeline
Dera bado.