Tupeane uzoefu: hafubodi, fulubodi, BB na tafsiri zilizowalaza watu na njaa

Karani_wa_Safari

Wakuu, kazi yangu ofisini ni kuwawekea watu nafasi za vyumba: wakufunzi, wageni, wakubwa wenyewe. Malalamiko yanayorudi mezani kwangu mara nyingi hayahusu kitanda wala maji ya moto, yanahusu chakula. Mtu amesoma neno, ameelewa lake, akifika mapokezi anaambiwa lingine.

Naanza na kisa cha mkufunzi wetu mmoja. Aliwekewa hafubodi kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, yaani usiku 3. Uthibitisho ulikuja kwa Kifaransa, umeandikwa `demi-pension`, na simu yake ikamtafsiria "nusu pensheni". Akajiambia hilo bila shaka ni punguzo, kwamba kila atakachokula atalipa nusu yake. Ijumaa akafika saa 5 usiku, jiko limeshafungwa, akalala hivyo hivyo. Jumamosi akala mchana pale hotelini na kusaini, Jumapili akarudia. Jioni zote mbili akatoka kwenda kula kwa marafiki. Jumatatu anakabidhi ufunguo, bili ina milo miwili ya mchana kwa bei kamili pamoja na soda zake, na vyakula vya jioni ambavyo hakuvigusa havikupunguziwa kitu. Alinipigia akiwa bado pale kaunta, nyuma yake foleni inamsubiri.

Mwenye kisa chake akilete. Na mliofanya kazi mapokezi mtufafanulie, hiyo nusu ni nusu ya nini?

Mapokezi_wa_Usiku

Nimesimama kaunta miaka mingi, mkufunzi wako namfahamu bila kumwona. Kila wiki anakuja mmoja.

Nusu hiyo si ya bei. Hafubodi ni chumba, kifungua kinywa na mlo mmoja mkubwa, na mlo huo kwa kawaida ni wa jioni. Fulubodi inaongeza mchana. BB ni chumba na kifungua kinywa basi. Hoteli inahesabu milo kwa kufuata usiku, haihesabu siku za kalenda. Kwa hiyo huyo bwana alikuwa na milo 6: Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi na jioni, Jumapili asubuhi na jioni, Jumatatu asubuhi. Angechukua fulubodi ingekuwa 9, kwa sababu inaongezeka mchana wa Jumamosi, wa Jumapili na wa Jumatatu anapoondoka. Huo wa mwisho ndio watu wengi wanausahau. Kama unaondoka mapema, omba ufungiwe kwenye boksi, usiwaachie.

Mlo wa Ijumaa uliopotea ni vigumu kurudishiwa pesa. Jiko linapewa orodha ya wageni mapema, linapika kwa idadi hiyo, na jina lako limo. Lakini ukiandika kabla kwamba utachelewa, hoteli nyingi zitakuwekea sahani ya baridi chumbani. Nyingine zitakubali uubadilishe na mchana wa siku nyingine. Ukishafika usiku wa manane huna cha kubadilisha.

Na vinywaji. Chai na kahawa ya asubuhi imo. Maji na soda ya jioni, hesabu kwamba haimo mpaka uone imeandikwa.

Mstaafu_Mtulivu

Samahani vijana, hii nusu pensheni inatuhusu na sisi tuliostaafu? Maana nimesoma hapo juu kwamba mtu alipewa nusu na bado akadaiwa. Kama ni utaratibu mpya tuambiwe mapema, mimi yangu inaingia nzima kila mwezi na sijapata barua yoyote.

Mapokezi_wa_Usiku

Shikamoo mzee. Pensheni yako iko salama, hapa tunazungumzia vyumba vya hoteli. Ila maneno haya ni ndugu kweli. Asili yake ni malipo yanayotolewa kwa vipindi. Kwetu lilifika likiwa na maana ya fedha za mstaafu. Kwa Wafaransa likachukua pia maana ya malipo ya kulala na kula, halafu likawa jina la nyumba yenyewe ya wageni. Ndiyo maana Wajerumani wanaandika `Halbpension`, Waitaliano `mezza pensione`, Wahispania `media pensión`, na wote wanamaanisha hafubodi ileile.

Mstaafu_Mtulivu

Marahaba. Kwa hiyo nikikuta bango limeandikwa `Pension` huko Ujerumani, ni gesti. Nisiingie na kitambulisho cha ustaafu.

Mapokezi_wa_Usiku

Ingia nacho mzee, huenda wakakupunguzia.

Mama_Kamusi

Mimi ni mfasiri, na kidonda changu ni hilo neno "bodi". Nililetewa nikague barua ya mwaliko wa warsha ambayo mtu alishaitafsiri. Sentensi ya Kiingereza ilisema washiriki watapewa fulubodi. Ya Kiswahili ikasema: "Washiriki watahudumiwa na bodi kamili." Shirika lililoalikwa likajibu kwa heshima kwamba mwenyekiti na wajumbe wote wa bodi watahudhuria. Walikuwa wameombwa watu wawili! Mratibu alikuwa ameshaagiza vyumba viwili.

Kinachochekesha ni kwamba hizo bodi mbili zimezaliwa nyumba moja. Zamani kwa Kiingereza neno hilo lilikuwa ubao, kisha meza. Meza ya kulia ikatoa maana ya chakula anachopewa mpangaji, meza ya kikao ikatoa wajumbe. Sisi tumepokea ile ya wajumbe peke yake, kwa hiyo Mswahili akisikia bodi anaona watu wenye suti.

Kijana_wa_Laptop

Mnazunguka sana. Siku hizi angalia herufi za mpango kwenye vocha, hakuna cha tafsiri. HB hafubodi, FB fulubodi, BB kulala na chai. Ukiona CP ujue utapata kifungua kinywa cha kontinenti, mkate na jemu, usitegemee mayai. Ukiona EP ni kifungua kinywa cha Ulaya, hicho kina mayai na soseji. AP ni cha Kimarekani, hicho ndicho kikubwa kuliko vyote.

Mapokezi_wa_Usiku

Kaka, hizo tatu za kwanza sawa. Hizo nyingine utawalaza watu na njaa, hasa hiyo EP. Hizo herufi hazielezi aina ya kifungua kinywa, ni majina ya mipango ya bei. EP, mpango wa Ulaya, ni chumba kitupu, hata chai haimo. CP, mpango wa kontinenti, ni chumba na kifungua kinywa, sawa na BB. Kama kitakuwa mkate na jemu au kitakuwa na mayai, herufi hazisemi. AP, mpango wa Marekani, ni milo yote mitatu. Halafu iko MAP, ambayo ni AP iliyopunguzwa mlo mmoja, yaani kama hafubodi. Haihusiani na ramani, kuna mgeni aliwahi kunidai ramani ya mji akinionyesha vocha.

Majina yanatokana na desturi ya zamani: hoteli za Marekani zilikuwa zikiuza chumba pamoja na chakula, za Ulaya zikiuza chumba peke yake. Desturi imebadilika, herufi zimebaki.

Kijana_wa_Laptop

Ya EP nimekubali. Ila CP niliyolala mimi ilikuwa mkate na jemu.

Mapokezi_wa_Usiku

Inawezekana kabisa. Hoteli hiyo ndivyo ilivyoamua.

Suka_wa_Wageni

Mimi naendesha wageni, nchi za wenye Kijerumani nimezunguka nazo. Lililowaponza wateja wangu ni `Hotel garni`. Mama mmoja alisisitiza tulale hapo, anasema amesoma kwenye menyu kwamba `garni` ni sahani iliyopambwa na kuongezwa vitu pembeni, kwa hiyo hoteli ya garni lazima chakula chake ni cha kujaza. Kumbe kwa Wajerumani ni hoteli isiyo na mgahawa wa mchana wala jioni, kifungua kinywa tu. Tumefika saa 2 usiku, kikundi kizima, mwenye nyumba anatuangalia na sisi tunamwangalia. Tukaishia kula biskuti za kwenye gari.

Nesi_Mbali

Wa Kifaransa hamjafika kwenye utamu wake. Nilijifunza Kifaransa cha Ufaransa, ambapo `déjeuner` ni chakula cha mchana. Nikaenda Kebeki, Kanada, kwenye mafunzo, nikapiga simu gesti moja, dada akaniambia `déjeuner` imo kwenye bei. Nikafurahi, nikala ndizi asubuhi chumbani, saa 7 mchana nikashuka nimejiandaa. Ukumbi mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza, mtu anapiga deki. Kebeki `déjeuner` ni kifungua kinywa, `dîner` ndiyo ya mchana, na ya jioni ni `souper`. Wabelgiji na Waswisi wengi nao husema hivyo hivyo. Kwenye tovuti wanaweza kukuandikia `petit déjeuner` wote wakaelewana, tatizo ni mdomoni.

Sasa fikiria mtu anakuahidi hafubodi yenye `dîner`. Ukiwa Parisi utakula usiku, ukiwa Kebeki huenda amemaanisha mchana.

Karani_wa_Safari

Dada Nesi, hilo sikulijua kabisa. Mimi sasa nimeacha kuandika jina la mpango peke yake. Naandika milo kwa tarehe na saa, hivi: "Ijumaa chakula cha usiku, mgeni atafika saa 23:00, naomba sahani ya baridi; Jumamosi kifungua kinywa na chakula cha usiku," naendelea hadi siku ya kuondoka, halafu naomba wajibu wakirudia orodha hiyohiyo. Na saa naandika kwa tarakimu 24. Niliwahi kumwambia mgeni chakula ni saa 1 jioni, akaenda kuandika 1 kwenye kalenda ya simu yake.

Mama Kamusi, basi tuandike nini kwa Kiswahili? Nimekuwa nikiweka "malazi na milo miwili".

Mama_Kamusi

Miwili ipi? Msomaji anaweza kuhesabu mchana na usiku, na chai akaiona ni haki yake ya kuzaliwa. Mimi naandika "malazi, kifungua kinywa na chakula cha usiku". Ni refu, ndiyo, kwenye safu ya jedwali haliingii. "Nusu malazi" niliyoiona kwenye tovuti fulani sitaki hata kuisikia, mgeni atadhani anaamshwa usiku wa manane ampishe mwenzake.

Suka_wa_Wageni

Sisi barabarani tunasema hafubodi na tunaelewana. Ukiirefusha mteja anauliza maswali zaidi.

Mama_Kamusi

Mnaelewana ninyi madereva. Mkufunzi wa Karani hakuelewa.

Binti_Fungate

Jamani nimechelewa, naomba msaada, tunaondoka wiki ijayo. Vocha yetu imeandikwa `HB+`. Mume wangu anasema hiyo alama ni kwamba tumepata kila kitu bure mpaka friji ya chumbani. Mimi naona ni mlo wa mchana.

Mapokezi_wa_Usiku

Hongereni. Hiyo alama kila hoteli ina maana yake. Mara nyingi ni vinywaji wakati wa chakula cha usiku, kwingine ni vitafunio vya alasiri, nimeona pia supu ya mchana. Friji ya chumbani mwambie bwana asiifungue kwanza. Waandikieni waeleze hiyo plasi ina nini, kitu kimoja kimoja.

Binti_Fungate

Nimewaandikia muda huu: plasi ni vinywaji au ni chakula? Wamejibu "ndiyo".