Eti daftari langu la mauzo ni la kufungia vitumbua!

MamaDuka_Uyole

Wanajukwaa, nimerudi kutoka mjini sasa hivi, hata viatu sijavua. Nimekaa juu ya kiroba cha unga naandika huku mikono inatetemeka.

Yule bwana wa makadirio ya kodi mnamjua. Wa meza ya dirishani, kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika mpaka aazime yako. Kila mwenye fremu hapa Mbeya ameshasimama mbele yake akijisikia kama mtoto aliyevunja sahani.

Nimempelekea daftari. Kaunta buku ya kwaya tatu, imejaa. Kila siku niliyofungua duka mwaka jana imo, siku 302, mpaka ile siku ya mvua niliyouza kiberiti na chumvi tu. Jumla ya mwaka ni 10,640,000. Nimejumlisha mara tatu, binti yangu wa kidato cha tatu akajumlisha mara ya nne.

Akalishika kwa vidole viwili kama anatoa panya mtegoni. Akafunua ukurasa mmoja. MMOJA! Akasema mbele ya foleni nzima: "Mama, hili ni la kufungia vitumbua." Watu wakacheka. Hata mzee aliyekuwa amesinzia kwenye benchi aliamka ili acheke.

Halafu akawa mpole ghafla. "Siku nzuri unauza kama shilingi ngapi?" Nikajibu kwa uaminifu kwamba siku nzuri, za kuelekea Krismasi, inafika 45,000. Akavuta kalkuleta: 45,000 mara 360, akapata 16,200,000. Kodi 567,000. Hata dakika haikuisha! Kwa hesabu yake mimi sina Jumapili, sina msiba, siugui, na Uyole ni mkesha wa Krismasi kuanzia Januari hadi Desemba.

567,000! Mwaka mzima naandika usiku kwa tochi ya simu, halafu vitumbua!

Kipanga_Makambako

Dada, nani alikutuma useme 45,000? Mtu wa makadirio akikuuliza siku nzuri, mtajie ya mvua. Na hivyo vitumbua viko wapi, chai ishachemka huku.

MamaDuka_Uyole

Kaka, mimi siwezi kudanganya mbele ya meza ya serikali. Aliuliza siku nzuri, nikamtajia siku nzuri. Hakuuliza siku ya kawaida. Siku ya kawaida imo kwenye daftari, lile alilolishika kama panya.

Dereva_wa_Tunduma

Pole sana mama. Ila hapo umeibiwa mara mbili. Mimi nina jedwali nimebandika ukutani kwenye duka la mke wangu: mauzo yakizidi milioni 14 ni 450,000 ukijumlisha asilimia 3.5 ya kilichozidi hiyo 14. Kwa 16,200,000 inakuja 527,000. Kuna 40,000 yako hapo. Rudi ukadai.

Mzee_wa_Leja

Dereva, hilo jedwali lako ni la mwaka 2019, libandue. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliibadilisha sehemu hiyo. Tangu hapo mauzo yanayozidi milioni 11 mpaka milioni 100 yanatozwa asilimia 3.5 ya mauzo yote, si ya kilichozidi. 16,200,000 kwa 3.5 ni 567,000 kamili. Akienda kudai hiyo 40,000 atachekwa mara ya pili.

Mama, kalkuleta haina kosa. Kosa liko kwenye hiyo 16,200,000 iliyoingizwa. Kwa daftari lako uko kati ya milioni 7 na 11, na hapo pana safu mbili. Asiyetunza kumbukumbu analipa 250,000 bila mjadala. Aliyetunza analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kwako kilichozidi ni 3,640,000, asilimia 3 yake ni 109,200. Jumla 199,200 kwa mwaka, yaani 49,800 kila robo, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Kwa hiyo angeishia kulikataa daftari tu, ungelipa 250,000, ungepoteza kama elfu hamsini. Alichofanya ni kukurusha juu ya ukuta wa milioni 11. Ukuta huo ni mbaya. Mwenye kumbukumbu aliyeuza milioni 11 kamili analipa 210,000. Akiuza kiberiti kimoja zaidi analipa 385,000. Ndiyo maana wengi mnaokaa karibu na mpaka huo mnasukumwa upande wa pili, na ndiyo maana daftari lenu lina uzito kuliko la mtu wa milioni 5 au wa milioni 60.

Binti_Kitumbua

Samahani, nimesoma haraka. Mimi nauza vitumbua Mwanjelwa, hivi na sisi tumewekewa 567,000?? Mbona hakuna aliyetuambia!

Kipanga_Makambako

Imeanza hiyo 😂

Mzee_wa_Leja

Hapana mwanangu, tulia. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka kodi yake ni sifuri. Hiyo ni kama 11,000 kwa siku ukiuza kila siku. Ukivuka hapo ndipo tuongee.

Binti_Kitumbua

Navuka siku za shule zikifunguliwa tu. Asante, shikamoo mzee.

Msomi_Iringa

Mnakwenda mbali bure. Kodi ya mapato ni ya FAIDA. Mama atoe gharama zote, kinachobaki ndicho kitozwe. Kutoza mauzo ni kosa kisheria.

Mzee_wa_Leja

Nusu uko sawa, ndugu. Mfumo huu wa makadirio hauangalii faida kabisa, ni mauzo tu, hata ukipata hasara unalipa. Sheria inamruhusu achague kutoka na kuandaa hesabu kamili, hapo faida ndiyo inatozwa, na mtu binafsi kizingiti chake cha mwaka ni 3,240,000. Lakini hapo anaingia kwenye ritani, gharama zote ziwe na risiti, na huyo huyo wa dirishani atamkatalia nusu ya hizo gharama. Sijui kama mama anataka vita hiyo.

Msomi_Iringa

Kwa duka dogo kama lake bado naona ingemlipa. Faida yake haifiki hata hicho kizingiti, kodi inakuwa sifuri.

Mzee_wa_Leja

Kwenye karatasi, ndiyo. Mpe wewe hela ya mhasibu.

MamaDuka_Uyole

Baba, mimi sitaki sifuri. Nataka 199,200 yangu, nilipe, nilale. Nataka na lile neno alirudishe. Mbele ya foleni ile ile.

Mzee_wa_Leja

Neno hatalirudisha. Tupambane na tarakimu. Risiti za manunuzi unazo?

MamaDuka_Uyole

Zote, kwenye kopo la maziwa ya unga. Sukari, unga, mafuta, sabuni, mchele wa Kyela. Mwaka jana zinafika 9,200,000. Na rafu zilikuwa karibu sawa Januari na Desemba, sikuongeza mzigo.

Mzee_wa_Leja

Basi hilo kopo lina nguvu kuliko daftari. Daftari umeandika wewe, risiti ameandika muuzaji wa jumla. Angalia: bidhaa za 9,200,000 umeziuza 10,640,000. Umeongeza kama asilimia 16. Duka la vyakula hiyo ni kawaida, mtu yeyote wa sokoni anaielewa. Sasa chukua 16,200,000 ya yule bwana. Ili ifike hapo ungeongeza asilimia 76. Yaani bidhaa uliyonunua 1,000 uiuze 1,760. Nani Uyole angenunua kwako wakati jirani anauza 1,150?

Iandike hivyo hivyo kwenye barua. Usiandike kwamba umetukanwa, andika hiyo asilimia 76. Utaulizwa jambo moja, jiandae: kama kuna bidhaa unanunua bila risiti. Maharage ya wakulima, viazi, ndizi za Tukuyu. Hapo ndipo wanapoingilia, kwamba ulinunua zaidi ya zilizomo kwenye kopo.

MamaDuka_Uyole

Maharage nanunua kwa wakulima, ndiyo. Hawana risiti wale. Magunia sita kwa mwaka. Hayamo kwenye hiyo 9,200,000, ila mauzo yake yamo kwenye daftari.

Mzee_wa_Leja

Yataje mwenyewe kabla hawajayataja. Andika tarehe, jina la mkulima, kilo, bei, naye aweke sahihi au dole gumba. Ukiyajumlisha, ile asilimia 16 yako itashuka, na ya kwake itashuka pia, lakini haitashuka mpaka ikaingia akilini. Na makadirio ulipewa lini kwa maandishi?

MamaDuka_Uyole

Karatasi nimepewa leo. Na wino wa kalamu yangu.

Mzee_wa_Leja

Siku 30 zinaanza leo. Kwanza omba kuonana na mkuu wake, wengi wanamalizana hapo bila kufika mbali. Ikishindikana weka pingamizi la maandishi ndani ya hizo siku 30. Ili lipokelewe, ulipe kile usichobishania au theluthi ya kodi waliyokadiria, kikubwa kati ya hivyo viwili. Theluthi ya 567,000 ni 189,000. Wewe unakubali 199,200, basi hiyo ndiyo kubwa. Tafuta hiyo pesa sasa, watu wengi wana haki lakini siku ya 30 inawakuta mikono mitupu.

MamaDuka_Uyole

199,200 kwa mkupuo! Na ada ya shule ni wiki ijayo. Yaani ili nimwambie mtu kwamba daftari langu si la vitumbua, nilipe kwanza kodi ya mwaka mzima!

Wakala_Mafinga

Mama, shukuru Mungu. Mimi ni wakala wa pesa za simu, wa kwetu huku alichukua miamala yote, watu wanaotoa na kuweka, akaijumlisha akaita mauzo. Nikaonekana tajiri kuliko wenye mashamba ya miti. Pesa ya mteja inapita tu mkononi mwangu!

Mzee_wa_Leja

Mauzo yako ni kamisheni, si miamala. Chukua taarifa ya kamisheni kwenye kampuni ya simu. Humo utaona pia asilimia 10 imeshakatwa.

Wakala_Mafinga

Imeshakatwa, halafu kamisheni hiyo hiyo naiweka tena kwenye mauzo nilipie? Mara mbili?

Dereva_wa_Tunduma

Mke wangu aliambiwa isiwekwe.

Msomi_Iringa

Inawekwa, ila unadai kile kilichokatwa.

Wakala_Mafinga

Huku kila dirisha lina jibu lake. Nishike lipi?

Fremu_Soweto

Mnalia makadirio, mimi mwenye nyumba ananimaliza. Nimeambiwa nikate asilimia 10 ya pango nipeleke mimi kama kodi ya zuio. Nimemweleza, kasema "nipe yangu kamili au toa vitu vyako." Nimelipa pango lote, na hiyo asilimia 10 juu yake nimetoa mfukoni.

Kipanga_Makambako

Wa kwangu vilevile! Anasema kodi ni ya serikali na wewe, yeye hayumo.

Dereva_wa_Tunduma

Wenye nyumba wote shule moja. Wa kwetu Tunduma anataka pango la mwaka mzima, na mkataba anaandika nusu ya bei.

MamaDuka_Uyole

Jamani, daftari langu.

Fremu_Soweto

Nusu ya bei? Heri huyo ana mkataba. Wa kwangu anasema mkataba ni neno la mtu mzima.