Makopo mangapi kwa chumba hiki?

Mama Neema: Jamani habari za jioni. Nataka kupiga rangi chumba kimoja, rangi ya maji, kuta tu. [Picha: mchoro wa chumba] [Picha: lebo ya kopo] Ninunue makopo mangapi? Kopo ni lita 4. Kuta zilishapigwa rangi zamani, hakuna plasta mpya.

Baba Juma: Rahisi sana hiyo. Mchoro unasema 4.2 kwa 3.0, urefu wa ukuta kwenda juu 2.7. Zungusha kuta zote unapata kama mita za mraba 39. Lebo inasema 12 kwa lita. Makopo mawili, hesabu imekwisha.

Zawadi: Mbona mimi naona 12 ni ya kopo zima? Kwa hiyo makopo manne hivi kwa koti moja, na mara mbili yake kwa koti mbili?

Shangazi Rehema: Chumba cha 4.2 kwa 3.6 ni mita 15 tu, mtampeleka mwenzenu kununua duka zima. Lita tatu zinatosha.

Fundi Seif: Shikamoo Shangazi. Hiyo 15 ni sakafu. Kuta ni hesabu nyingine kabisa. Lakini usiifute, maana dari lina ukubwa huohuo, na Mama Neema akiamua kulipaka ataihitaji.

Baba Juma, njia yako ni sahihi, namba ndizo zina shida. Ikuze picha uone upande wa kushoto. Kalamu imepauka, ile namba inaweza kuwa 3.0 au 3.6. Usikisie. Tazama ukuta wa kulia unaouelekea: umeandikwa vipande viwili, mlango 0.9 na kilichobaki 2.7. Jumla 3.6. Chumba ni cha pembe nne, kwa hiyo kushoto nako ni 3.6. Ukuta wa chini nao una 1.2, dirisha 1.5, kisha 1.5 tena. Jumla 4.2, sawasawa na ule wa juu. Pande zikikubaliana hivyo unaweza kuuamini mchoro.

Baba Juma: Kweli, nimeona. Kumbe 2.7 ni kipande cha ukuta. Nilidhani ndiyo kimo.

Fundi Seif: Ndiyo. Mchoro huu umechorwa kama unatazama chumba kutoka juu, kwa hiyo kimo hakimo kabisa. Mama Neema, weka tepu sakafuni, ipande mpaka rangi ya ukuta inapoishia. Pima kona mbili. Na mlango na dirisha tunahitaji kimo chake pia.

Mama Neema: Nimepima. Kona zote mbili 3.0. Mlango 2.1 kwenda juu, dirisha 1.2.

Fundi Seif: Vizuri. Mzunguko wa chumba ni 4.2 na 3.6 mara mbili, yaani mita 15.6. Mara 3.0 ni 46.8. Mlango ni 1.89 na dirisha 1.8, ukitoa vyote zinabaki mita za mraba 43.1.

Sasa lebo. Zawadi, soma herufi zilizo baada ya namba: "10–12 m²/L". Hiyo L ndiyo jibu, ni kwa kila lita, tena kwa koti moja. Kopo lingeandikwa eneo lake zima, ungeona namba kama 40 au 48 bila L nyuma yake. Ukikosea hapo unanunua mara nne ya unachohitaji.

Zawadi: Sawa. Na kati ya 10 na 12 tunachukua ipi?

Fundi Seif: Kumi. Ile 12 unaipata kwenye ukuta laini usiokunywa rangi. Ukuta wenye chembechembe una eneo kubwa kuliko tepu inavyosema, na rola lenye manyoya marefu linabeba rangi nyingi. Koti mbili ni mita 86.2, gawa kwa 10, unapata lita 8.6. Makopo mawili yangekuachia kipande cha ukuta bila koti ya pili.

Baba Juma: Mimi milango na madirisha huwa siyatoi. Ile ziada inakuwa akiba ya rangi inayobaki kwenye rola na trei.

Fundi Seif: Hapa inakubalika, maana mlango na dirisha ni kama asilimia 8 ya kuta. Ila chagua moja. Usiache kuyatoa halafu uongeze tena asilimia 10. Na chumba chenye dirisha kubwa la ukuta mzima lazima ulitoe.

Mama Neema: Nilisahau kusema, ule ukuta wa kushoto ni mwekundu uliokolea na mimi nataka rangi ya maziwa.

Fundi Seif: Hilo linabadilisha hesabu. Nyekundu itaonekana chini ya koti mbili. Weka koti ya tatu kwa ukuta huo peke yake: 3.6 mara 3.0 ni 10.8, karibu lita 1.1. Sasa ni lita 9.7, na akiba ya asilimia 10 inakufikisha 10.7.

Shangazi Rehema: Si aongeze maji tu? Kopo langu la jikoni lilifika mbali.

Fundi Seif: Litafika mbali Shangazi, lakini rangi inayobaki ukutani ikikauka ni nyembamba. Kipimo cha lebo ni cha rangi isiyozidishwa maji. Ukivuka kiasi kilichoandikwa kwenye kopo, washa taa karibu na ukuta ukishakauka, utaona mabaka na rangi ya zamani inachungulia. Hapo unarudi na koti nyingine, na maji hayajakuokolea kitu.

Baba Juma: Kwa nyekundu mimi ningepiga praima kwanza, si koti ya tatu.

Fundi Seif: Nayo ni njia, hasa kama praima ina bei ndogo kwa lita. Hapo tusibishane, itategemea nyekundu yenyewe na rangi ya maziwa ina nguvu kiasi gani ya kufunika.

Mama Neema: Basi lita 11. Ninunue vipi?

Fundi Seif: Makopo mawili ya lita 4 na matatu ya lita 1, au makopo matatu ya lita 4. Uliza bei. Kama makopo matatu madogo yanafika bei ya kopo kubwa au kuizidi, chukua kubwa la tatu. Ndoo ya lita 20 inakufaa tu ikiwa bei yake iko chini ya makopo matatu ya lita 4, au una chumba kingine cha rangi hiyohiyo. Nunua yote siku moja yenye namba moja ya toleo, kisha uyachanganye kwenye ndoo moja kabla ya kuanza. Rangi iliyochanganywa dukani siku nyingine inaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo inaonekana katikati ya ukuta.

Na ukitaka kujihakikishia mapema, pima lita moja na nusu, uanze na ukuta huo mwekundu. Koti ya kwanza ikila lita 1.1, lebo imesema kweli. Ikila 1.4, ukuta wako unatoa mita 7.7 tu kwa lita, na inabidi turudie hesabu kabla hujafika kona ya pili.

Zawadi: Na ukuta wenye viraka vya wolputi, unahesabiwa kama mpya au wa zamani?

Baba Juma: Mpya.

Fundi Seif: Viraka tu, si ukuta mzima. Tuma picha tuone vimeenea kiasi gani.