Tupeane uzoefu: wapambaji, bei ya siku ya shuti mnaitajaje?

Kisura: Leo nimepita barabarani nikakutana na bango kubwa, uso uliopo pale nimeupaka mimi, damu imenichemka. Kazi waliniambia ni picha za ukurasa wao wa mtandaoni tu, nikawapa bei ya chini kwa sababu hiyo. Kumpigia bosi anasema dada si tulishakulipa siku yako? Nyie mnafanyaje?

Wanja Mweusi: Pole shoga, yamenikuta.

Brashi Kumi: Wewe ndo umepaka, picha ni mali yako. Washtaki wakulipe kila bango!

Mama Poda: Usimpoteze mwenzio. Haki ya picha mara nyingi ni ya mpiga picha au aliyeinunua, inategemea mkataba na sheria ya pale ulipo. Sisi tunauza siku yetu, kwa hiyo kinachotulinda ni maandishi ya mwanzo. Mimi kabla ya kutaja bei nauliza picha zinaenda wapi, eneo gani, kwa muda gani. Bango na tivii ni tangazo, bei inapanda hapohapo. Halafu kwenye kotesheni naandika: "Bei hii ni kwa matumizi ya mtandaoni, miezi 6. Matumizi mengine tutakubaliana na yatalipiwa upya." Bila hiyo sentensi unabaki kuomba hisani.

Brashi Kumi: Mbona modo analipwa ya bango?

Mama Poda: Modo ni sura yake inayotumika mwanangu, na yeye pia alikubaliana kabla.

Neema ya Rangi: Mimi bibi harusi wangu kaposti picha hajanitaja, naweza kumdai?

Lipstiki: Bango afadhali!! Mimi shughuli kubwa, saa nne usiku meseji inaingia "tumeahirisha", na harusi ya tarehe hiyohiyo nilishaikataa, foundesheni za rangi zote nimenunua, msaidizi wangu yuko ndani ya basi anakuja, namwambia nini mtoto wa watu? Nadai, wananijibu hujapaka mtu tukulipe nini. Nililia. Sasa hivi tarehe haishikwi bila nusu ya malipo, wakifuta zikibaki saa 48 hiyo nusu hairudi, zikibaki 24 wanalipa yote. Wakiahirisha mapema advansi inahamia tarehe mpya, mara moja tu.

Brashi Kumi: Yote?? Wateja watakukimbia.

Lipstiki: Wakimbie tu, msaidizi wangu anakula nini?

Wanja Mweusi: Na mvua je, kwa shuti za nje?

Mama Poda: Mvua mi nawapa tarehe ya akiba tangu siku ya kukubaliana, ila nikishafika lokesheni siku imelipwa, inyeshe isinyeshe. Kisura, ile meseji ya "mtandaoni tu" unayo?

Kisura: Ninayo, ipo kwenye chati.

Mama Poda: Basi hayo ni maandishi. Lipige picha bango, watumie pamoja na hiyo meseji na invoisi ya tofauti kati ya bei uliyolipwa na bei yako ya tangazo. Usitukane mtu.

Brashi Kumi: Mi bado nasema mahakamani.