Mjadala: Uwiano wa 8 unatosha kumwaga hela kwenye matangazo?

Mwenye swali, Njiro: Tunauza intaneti ya nyumbani hapa Arusha, 40,000 kwa mwezi. Kila mwezi wateja 5 kati ya 100 wanakatisha. Kumpata mmoja ni 100,000, matangazo na kamisheni, naye analeta 800,000 mpaka aondoke. Uwiano ni 8. Mwenzangu anataka matangazo yaongezwe mara tatu, mimi nasita. Nani yuko sahihi?

Wa Sakina: Mwenzako. Ukivuka 3 uko salama. Ukikaa na 8 bila kutangaza, unawaachia wenzako mitaa.

Mhasibu, Moshi: Mkuu wa Sakina, hiyo 3 ipo kweli, ila inapima kinachobaki, si kinachoingia. Kwenye 40,000 toa intaneti ya jumla, makato ya malipo ya simu na fundi anayerudi kurekebisha. Tuseme inabaki 22,000. Wakiondoka 5 kati ya 100, mteja anakaa wastani wa miezi 20, kwa hiyo ni 440,000. Sasa upande wa gharama: mshahara wa muuzaji ukiugawa kwa wateja wapya wa mwezi huo, tuseme 30,000. Ruta na kufunga, 90,000. Jumla ni 220,000, na uwiano wenu ni 2.

Wa maziwa, Kiboriloni: Mimi wateja wangu wa mwezi hawaondoki, wanachelewa tu kulipa. Hao nao niwahesabu kama wameondoka?

Mhasibu, Moshi: Dada, weka mpaka. Kwa mfano, miezi miwili mfululizo bila kulipa, ameondoka hata kama maziwa anaendelea kunywa.

Wa Sakina: Lakini ruta inarudi, anafungiwa mwingine. Umemtwisha mteja mmoja gharama yote.

Mhasibu, Moshi: Hapo una hoja, toa zile zinazorudi zikiwa nzima. Waya na siku ya fundi havirudi. Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni muda. 220,000 kwa 22,000 ni miezi 10, lakini kwa yule tu asiyeondoka. Kundi zima linapungua kila mwezi, hivyo hela yake inarudi mwezi wa 14. Mkiongeza matangazo mara tatu, mtaji wa miezi yote hiyo mnao? Halafu hiyo 5 imechanganya wakongwe na wapya. Wapange kwa mwezi waliojiunga.

Mwenye swali, Njiro: Nimewapanga. Waliojiunga Machi walikuwa 40, na baada ya miezi mitatu wamekatisha 11.

Mhasibu, Moshi: Kwa kasi ya 5 wangekuwa kama 6. Kwa wapya, hata hiyo 2 hamna.

Wa Sakina: Machi mlitangaza wapi? Kama ni karibu na vyuo, hao wamefunga chuo wakarudi kwao. Msiwahukumu wa Njiro kwa wanafunzi.

Mwenye swali, Njiro: Hatukuandika nani ametokea tangazo lipi.